Risasi ndani ya esansi: nani aliiweka, ilifanya kazi gani, na kwa nini iliondolewa

Bandugu, ukitamka neno "risasi" Masisi ao Walikale, hakuna mtu atafikiria kitabu cha kemia. Kila mtu atafikiria bunduki. Lakini risasi ni jina la madini kwanza, ile madini laini na nzito, ya rangi ya majivu, ambayo Wafaransa wanaiita plombu. Na kwa karibu miaka 100 madini hiyo hiyo ilikuwa inamiminwa kwa makusudi ndani ya esansi, huku wenye kuimimina wakijua vizuri kwamba ni sumu. Kila gari la esansi lililotoka Goma, likapita Sake na kupanda milima ya Masisi, liliacha kidogo nyuma yake, juu ya barabara, juu ya maharagwe, na ndani ya pua za watoto waliokuwa wanalikimbilia.

Mimi nilipoanza kusoma habari hii nilitaka kujua jambo moja tu: ilikuwaje sumu inayojulikana tangu zamani za Waroma ikaingia katika kitu kinachotumiwa kila siku dunia mzima, halafu ikakaa muda mrefu hivyo? Jibu linaanzia ndani ya injini. (Nitasema "esansi" kama tunavyosema hapa kwetu, maana kwetu "petroli" ni mafuta ya taa. Wandugu wa Kenya na Tanzania wanaosoma, esansi ndiyo petroli yenu.)

Injini ya esansi inafanya kazi hivi. Pistoni inavuta hewa iliyochanganyika na esansi, inaibana juu ya silinda, halafu buji inatoa cheche. Moto unaanzia kwenye buji na kutembea kama moto wa nyasi kavu, unasukuma pistoni chini. Kadiri unavyobana ule mchanganyiko zaidi kabla ya kuuwasha, ndivyo unavyopata nguvu zaidi kutoka kwa lita ile ile. Kwa hiyo kila fundi wa injini alitaka kubana zaidi. Gari la Ford Modeli T, lililotengenezwa kuanzia 1908, lilikuwa linabana mara 4 tu: nafasi ya lita 4 inasukumwa ikawa lita 1. Kama lingeweza kubana mara 8 ao 9, lingepanda mlima bila kuhema.

Shida ni kwamba ukibana sana, kuna joto. Wakati moto wa buji bado uko njiani, ile esansi iliyobaki upande wa mbali wa silinda inapata joto na mkazo mpaka inajilipukia yenyewe, yote kwa mara moja. Moto wa nyasi unageuka bomu. Unasikia sauti kama mtu anagonga chuma kwa nyundo ndogo: ka-ka-ka-ka. Wazungu waliita kugonga. Ikiendelea, injini inapoteza nguvu, inachemka, na mwishowe pistoni inatoboka. Hiyo ndiyo iliyozuia watengenezaji wa magari kuongeza mbano kwa miaka mingi. Uwezo wa esansi kuvumilia mbano bila kugonga unapimwa kwa namba inayoitwa okteni. Okteni ya juu haimaanishi esansi ina nguvu zaidi. Inamaanisha tu haijilipukii haraka.

Katika maabara ya General Motors, mji wa Dayton, jimbo la Ohio, Amerika, bwana Charles Kettering alimpa mhandisi kijana, Thomas Midgley, kazi ya kutafuta dawa ya kugonga. Midgley alijaribu vitu vingi kwa miaka. Ayodini ilisaidia lakini ilikuwa ya bei kali na ilikula chuma. Teluri ilisaidia pia, lakini ilikuwa inanuka vibaya, na harufu inakaa juu ya mtu hata akioga. Tarehe 9 Desemba 1921 walijaribu kimiminika kinachoitwa tetraethili ya risasi, na kugonga kukanyamaza. Kiasi kilichohitajika kilikuwa cha ajabu kwa udogo wake: sehemu 1 kwa sehemu zaidi ya 1,200 za esansi. Kwa galoni moja ya Amerika, karibu lita 3.8, walitia mililita 3, ambayo haijazi kijiko cha chai.

Inafanyaje kazi? Ndani ya joto la silinda ile tetraethili inavunjika na kutoa chembe ndogo ndogo za oksidi ya risasi. Kabla esansi haijajilipukia, kuna vipande vya molekuli vinavyoanza kuambukizana, kimoja kinawasha kingine, kama uvumi sokoni. Zile chembe za risasi zinavidaka na kuvizima, uvumi hausambai, na moto wa buji unapata muda wa kufika wenyewe. Hapo njo watengenezaji walipata ruhusa ya kubana mara 7, mara 8, na baadaye mpaka 10. Magari yenye nguvu ya miaka ya 1950 na ndege za pistoni za vita vya pili vya dunia zilitegemea dawa hii.

Ilifanya na kazi ya pili, ambayo haikutafutwa. Supapu ya kutolea moshi inafunga na kufungua maelfu ya mara kila dakika, ikigonga kiti chake cha chuma. Magari ya zamani yalikuwa na viti laini. Risasi ilipaka juu yake utando mwembamba ulioikinga supapu isishikane na kiti na kukila. Shikeni neno hili, tutalirudia tukifika Afrika.

Sasa hapa kuna jambo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo moyo wa historia yote. Mwanzoni tetraethili ilitaka kuua injini yenyewe. Risasi ilikuwa inaganda juu ya buji na supapu, na baada ya safari chache injini ilianza kukohoa. Kwa hiyo wakaongeza vitu vingine katika dawa, vyenye bromini na klorini, ambavyo vinashikana na risasi na kuigeuza mvuke ili itoke kwa bomba la moshi. Yaani ili injini ipone, ilipaswa kutema risasi yote nje. Kuchafua hewa kulikuwa ni sehemu ya mpango wenyewe. Dawa isiyotoka isingefaa kwa injini, na dawa iliyotoka haikufaa kwa mtu.

Tupige hesabu kwa pipa moja la lita 200, lile linalobebwa nyuma ya gari mpaka leo. Tuchukue gramu 0.8 za risasi kwa lita, kipimo kilichokuwa cha kawaida. Pipa lina gramu 160 za risasi. Karibu robo tatu ilikuwa inatoka nje kwa moshi, yaani gramu 120 hivi. Nyingine ilibaki ndani ya oili na ndani ya bomba. Gramu 120 inaonekana kidogo, uzito wa sabuni. Lakini risasi ndani ya damu inahesabiwa kwa maikrogramu, na gramu moja ni maikrogramu milioni 1. Leo daktari anashtuka akikuta kwa mtoto maikrogramu 5 ndani ya desilita moja ya damu. Mtoto mdogo ana damu ya lita moja hivi, kwa hiyo tunaongea juu ya maikrogramu 50. Pipa moja lilitoa milioni 120.

Kwa nini mwili unaipokea? Kwa sababu mwili unaidhania ni kalsiamu. Inapita tumboni kwa mlango wa kalsiamu, inaingia ndani ya mifupa na kukaa huko miaka mingi, na mama mwenye mimba anaitoa tena kutoka mifupani kumpa mtoto. Mtoto mdogo ananyonya mara kadhaa zaidi ya mtu mzima kutoka kiasi kile kile, na ubongo wake bado unajengwa. Mtoto haanguki, hatapiki. Anakuwa tu mzito kidogo darasani, mwenye hasira kidogo zaidi, na hakuna mtu wa kusema ni kwa nini. Injini ikiumia inagonga na kila mtu anasikia. Mtoto akiumia hivi, hakuna sauti.

Wafanyakazi wa viwanda, hao walisikika. Tetraethili safi inapita kwa ngozi na kufika ubongoni. Oktoba 1924, katika kiwanda cha Standard Oil huko Bayway, New Jersey, watu walianza kuona vitu visivyokuwepo na kupiga makelele. 5 walikufa na wengine zaidi ya 30 walipelekwa hospitali. Kampuni ilikuwa tayari inauza dawa yake tangu Februari 1923 kwa jina "Ethyl", jina ambalo neno risasi halimo. Tarehe 30 Oktoba 1924 Midgley aliita waandishi wa habari, akanawa mikono kwa tetraethili mbele yao na kuinusa, kuonyesha kwamba haina neno. Hakuwaambia kwamba mwaka uliotangulia yeye mwenyewe alikuwa ameacha kazi kwa muda ili apone sumu ya risasi.

Mei 1925 serikali ya Amerika iliita mkutano. Daktari Alice Hamilton, mjuzi wa magonjwa ya kazini, na profesa Yandell Henderson wa Yale walisema wazi: mkitia risasi ndani ya kila gari mtaipuliza katika kila mtaa, polepole, na mtakapogundua itakuwa imechelewa. Watu wa kampuni walijibu kwamba hakuna ushahidi kuwa mtu wa kawaida barabarani ameumia. Uuzaji ukasimamishwa kwa muda, kamati ikachunguza kwa miezi michache, na 1926 esansi yenye risasi ikarudi sokoni. Sumu ya aina hii inahitaji miaka kuonyesha madhara. Kamati ilikuwa na miezi. Kuanzia hapo, mzigo wa kuthibitisha ukawa juu ya yule anayevuta moshi, na daktari aliyelipwa na kampuni, Robert Kehoe, ndiye alisikilizwa karibu peke yake kwa miaka 40.

Mtu atauliza: hakukuwa na njia ingine? Ilikuwepo. Alkoholi ya kawaida, ndugu yake kanyanga yetu, inaongeza okteni vizuri, na Kettering na Midgley waliijua na kuijaribu. Lakini ilihitaji kiasi kikubwa, sio kijiko, na mkulima yeyote anaweza kuitengeneza. Hakuna aliyeweza kuiwekea hati ya umiliki. Tetraethili iliwezekana.

Aliyevunja ukimya hakuwa daktari. Clair Patterson alikuwa mwanajiolojia aliyekuwa anapima umri wa dunia kwa kutumia risasi iliyomo ndani ya vimondo, na ndiye aliyepata miaka bilioni 4.55. Katika kazi hiyo alikuta risasi imechafua kila kitu: meza, vumbi, nywele zake mwenyewe. Ilibidi ajenge maabara safi kupita kawaida ili apime. Mwaka 1965 aliandika kwamba kile ambacho madaktari waliita "kiasi cha kawaida" cha risasi mwilini kilikuwa cha kawaida tu kwa sababu kila mtu alikuwa ameshachafuliwa. Hapo ndipo ule ushahidi wa zamani ulipooza: walikuwa wanalinganisha wagonjwa na wagonjwa.

Hata hivyo, kilichoiondoa risasi kwanza kilikuwa kipande cha gari. Amerika ilitunga sheria ya hewa safi 1970 kupunguza moshi mwingine, na watengenezaji wakajibu kwa kuweka chini ya magari ya 1975 chombo chenye platini kinachochoma sumu ya moshi. Risasi inaipaka platini na kuiua. Kwa hiyo gari jipya lilidai esansi safi, kwa faida ya chombo chake. Damu za watu zilipimwa wakati huo huo, na kati ya 1976 na 1980 wastani wa risasi ndani ya damu ya Waamerika ulishuka kwa asilimia 37, ukifuata karibu hatua kwa hatua kushuka kwa risasi ndani ya esansi. Ndipo hoja ya "hakuna ushahidi" ilipokufa. Amerika ilimaliza kabisa kwa magari ya barabarani mwanzo wa 1996.

Na sisi? Huku ndiko ilikuja kumaliziwa. Wakati nchi tajiri zinaacha, sehemu kubwa ya Afrika ilikuwa bado inauziwa esansi yenye risasi. Juni 2001 nchi za Afrika kusini ya Sahara zilikutana Dakar na kukubaliana kuiondoa, na 2002 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, lenye makao Nairobi, likaanzisha kampeni ya kuzisaidia.

Hapa tuangalie ramani ya mafuta yetu. Esansi ya Masisi na Walikale haiji kutoka Kinshasa. Inashuka melini Mombasa ao Dar es Salaam, inapanda kwa malori kupitia Uganda ao Rwanda, inafika Goma, halafu bidoni kwa bidoni inaenda Sake, Masisi na Walikale, mpaka kwenye meza ya kadhafi kando ya barabara, ndani ya chupa za maji. Kwa hiyo uamuzi wetu ulifanyika mbali. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe, Mombasa, kilikuwa kinatia risasi. Ilibidi kibadilishe, na mwanzo wa 2006 Kenya ikaingia esansi safi pamoja na majirani. Kadhafi wa kwetu hakutangaza chochote. Chupa ilibaki ile ile, bei ilipanda na kushuka kama kawaida, na risasi haikuwemo tena. Mji mkuu wetu ulichelewa zaidi: watafiti wa Kinshasa waliandika kwamba kwao kuondolewa kulianza 2009, na walipopima watoto 2011 walikuta kiwango kimeshuka, ingawa bado kilikuwa karibu maikrogramu 9 kwa desilita.

Kitu kilichochelewesha Afrika kilikuwa ile habari ya supapu. Watu walisema: magari yetu ni ya zamani, mkitoa risasi yataharibika yote. Hofu haikuwa uongo mtupu. Gari lenye kiti laini cha supapu, likikimbizwa kwa kasi na mzigo muda mrefu, kiti kinalika, supapu inazama ndani ya kulasi, nafasi ya supapu inapungua mpaka haifungi tena. Dalili yake ni injini iliyo ngumu kuwaka na inayopoteza mbano. Lakini tangu miaka ya 1970 magari mengi yalishatengenezwa na viti vigumu, na gari la zamani linalotembea polepole kwenye mashimo ya Masisi halifikishi kasi ya kulika. Fundi anaweza pia kubadilisha kiti. Yale maharibiko makubwa yaliyotabiriwa hayakuonekana. Na malori ya mazutu hayakuhusika hata kidogo, kwa kuwa mazutu inatakiwa kujilipukia yenyewe bila buji, haihitaji dawa ya kugonga.

Nafasi ya risasi ilichukuliwa na kazi ya kiwandani: mafuta yanapangwa upya molekuli zake ili okteni ipande, na penginepo alkoholi inaongezwa, ile ile iliyokataliwa 1921. Algeria ilikuwa nchi ya mwisho. Ilimaliza akiba yake Julai 2021, na UNEP ikatangaza mwisho tarehe 30 Agosti 2021. UNEP yenyewe inakadiria kwamba vifo vya mapema zaidi ya milioni 1.2 vinaepukwa kila mwaka.

Kugonga kwenyewe hakujaisha, na kwetu kuna tabia yake. Juu Masisi hewa ni nyepesi, silinda inajaa kidogo, mbano wa kweli unapungua, kwa hiyo hata esansi dhaifu inavumilika. Motari akishuka msituni kuelekea Walikale, ambako ni chini na joto, pikipiki ile ile na esansi ile ile inaweza kuanza ka-ka-ka ikipanda na mzigo. Ikiwa inagonga hata juu Masisi, shuku kwamba muuzaji amechanganya petroli ya taa, maana ile ina okteni ya chini sana. Tone juu ya karatasi linasema: esansi safi inakauka na kuondoka, petroli inaacha doa la mafuta.

Na risasi bado haijatuacha yote. Ndege ndogo za pistoni zinatumia mpaka leo esansi ya ndege yenye tetraethili. Zile za turbini zinatumia mafuta mengine, hazimo. Betri za gari zinazopasuliwa na kuyeyushwa uani, karibu na jiko na watoto, ni risasi tupu. Hapo mambo ni kama 1925: mtoto hana dalili, betri ina soko, na anayeuliza anaambiwa alete ushahidi kwanza. Damu ya mtoto ndiyo ushahidi, na hapa kwetu hakuna anayeipima.